Anayelala Katikati

Kitanda chetu ni cha mninga, futi tano kwa sita, zawadi ya wajomba wa mume wangu siku ya harusi. Fundi alipokileta alitania kwamba kinatosha ukoo mzima, na hakukosea sana. Usiku wa kawaida mimi nalala ukutani. Mdogo wetu, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, analala kifuani pangu. Yule wa miaka minne anaingia saa nane usiku akiburuta shuka lake. Mume wangu anamalizia upande wa mlangoni, mgongo umetugeukia, mguu mmoja nje ya kitanda. Ni mkubwa tu, mwenye miaka saba, anayelala chumba cha pili na dada wa kazi.

Mwezi wa sita mwaka jana, nikiwa nimekaa chooni kwa sababu ndiko mahali pekee ambapo mlango unafungwa, nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho mimi na mume wangu tulipogusana bila mtoto katikati. Sikuzungumzii tendo la ndoa peke yake. Namaanisha kugusana kokote: mkono begani, kichwa pajani. Sikukumbuka. Nikafungua simu nisome tulichoandikiana wiki ile. Gesi imeisha. Luku imebaki yuniti nne. Ada ya Tunu umelipa? Nitachelewa. Sawa.

Tunu si jina la kweli la mwanangu. Baba yake amesoma andiko hili kabla halijatoka, akaniomba niondoe mambo mawili. Nimeyaondoa.

Tangu mkubwa azaliwe sisi ni Baba Tunu na Mama Tunu. Ni heshima, na mimi sikuwahi kuiona kuwa tatizo. Mama yangu alimwita baba yangu hivyo hivyo mpaka anamzika. Lakini siku ile chooni niligundua kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja katika nyumba ile aliyekuwa ananiita kwa jina langu. Chuoni ndiko nilikokuwa naitwa, tena na mhadhiri anayesoma orodha ya mahudhurio.

Wiki chache baadaye aliongea. Ilikuwa saa tano usiku. Nilikuwa nimemaliza kumlaza mdogo kwa mara ya tatu, titi likiuma, na kesho yake nilikuwa na wasilisho la semina ambalo sikuwa nimeliandika. Akasema gizani, taratibu kabisa, bila hasira: "Mama Tunu, hivi mimi humu ndani ni mpangaji?"

Nikamjibu: "Mpangaji angekuwa analipa kodi kwa wakati."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoijutia kuliko zote nilizowahi kumwambia. Mwezi ule mshahara wake ulikuwa umechelewa, na mimi nilijua. Hakujibu. Alichukua mto akaenda sebuleni kwenye kochi, na alilala huko siku tisa.

*

Mimi nasoma uzamili wa falsafa, upande wa maadili, na muhula ule tulikuwa tunamsoma Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1797 kuhusu metafizikia ya maadili, Kant anaieleza ndoa kuwa muungano wa maisha ambamo mume na mke wanamilikiana, kila mmoja akiwa na haki juu ya maumbile ya kijinsia ya mwenzake. Darasa lilicheka. Kijana mmoja alisema mzee huyu hakuwahi kuoa, na ni kweli, hakuwahi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo kwa Kiswahili, kwenye kicheni pati yangu, kutoka kwa shangazi yangu aliyekuwa amejifunga khanga mbili na kushika mwiko.

Shangazi alinifundisha mengi siku ile, na mengine yalinisaidia. Lakini mafundisho yote yalikuwa ya bibi harusi, mwenye mwili ambao haujazaa, katika chumba chenye watu wawili. Kuhusu mwaka wa nane, watoto watatu na maziwa yanayovuja, alinipa agizo moja tu: usimnyime. Nami nililibeba agizo hilo kama mtu anavyobeba kitambulisho cha kura.

Tazama maneno ambayo lugha yetu inatupa. Unyumba. Haki ya ndoa. Kunyima, kunyimwa, kumpa. Yote ni maneno ya ghalani: kuna mali, kuna mwenye ufunguo, kuna mdai. Sheria nayo ina kivuli chake hapo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ya Tanzania, ilivyoandikwa, inamtambua mume kuwa amembaka mke wake pale tu ambapo wametengana. Wanaoishi pamoja wanachukuliwa kuwa walishamaliza kuulizana siku ya harusi.

Nilitaka kuandika insha ya muhula ya kuyapinga haya yote kwa kurasa kumi, na ingekuwa rahisi. Hamu haikai kabatini, eti mtu aamue kuitoa au kuificha. Siwezi kukudai uone njaa. Ninaweza kukudai uje mezani, na hata hapo nikikulazimisha utafune, tumeshatoka kwenye chakula tumeingia kwenye jambo lingine. Kwa hiyo hakuna deni, basi, insha imekwisha.

Lakini kila nilipoandika hivyo nilimwona mtu aliyelala kwenye kochi fupi kuliko miguu yake. Kwa sababu kuna ukweli mmoja ambao lugha ya deni inaubeba, hata kama inaubeba vibaya: tulipooana tulifunga milango mingine yote. Kama mume wangu anakosa mtu wa kuzungumza naye mpira, ana rafiki zake kijiweni. Akikosa hili, hana mahali pengine pa kulipeleka ambapo hakutatuvunja. Mtu aliyekubali kwa hiari yake kuwa na kisima kimoja tu hawezi kuambiwa kwamba maji si haki yake, kisha mwenye kisima akaenda kulala. Kitu fulani kinadaiwa. Swali langu likawa ni kipi.

Mchungaji aliyetufungisha ndoa alitusomea barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 7, pale anapowaambia wanandoa wasinyimane. Nilirudi kuisoma mwenyewe mwaka jana. Paulo anaacha nafasi ya wawili kujizuia kwa muda, ila kwa masharti kwamba wamepatana. Mahubiri yote niliyoyasikia yanaishia kwenye kunyimana na kuliruka hilo la kupatana. Na watu hawawezi kupatana juu ya jambo wasilolizungumza. Mimi na Baba Tunu tulikuwa tumeacha, wala hatukuwa tumepatana. Nilianza kufikiri kwamba hamu haidaiwi, lakini mazungumzo juu yake yanadaiwa, na deni hilo nilikuwa nalo mimi kama alivyokuwa nalo yeye.

*

Kabla sijalilipa ilibidi nijue nitasema nini, na hapo falsafa haikunifaa. Ilinifaa kliniki.

Nilimpeleka mdogo chanjo, na nikajilazimisha kumwuliza nesi, mama wa makamo, swali ambalo nilikuwa nalo tangu uzazi wa pili. Nilimwuliza kwa sauti ya chini hivi kwamba aliniambia nirudie. Akafunga daftari, akanieleza kana kwamba ananieleza uji. Mwanamke anaponyonyesha, homoni ya prolaktini, ile inayotengeneza maziwa, inakuwa juu, na estrojeni inakuwa chini. Estrojeni ikishuka, uke unakuwa mkavu na ngozi yake inakuwa nyembamba. Tendo linauma au linachubua, na mwili ukiumizwa mara mbili tatu unajifunza kukaza kabla hata haujaguswa. Hamu nayo hupungua kwa wengi. Yale maneno ya arobaini, kwamba ukishazimaliza siku zako mambo yamerudi kama zamani, alisema yanahusu kupona kwa kidonda na tumbo la uzazi. Hayasemi lolote juu ya mwaka mzima wa kunyonyesha usiku.

Akaniuliza natumia njia gani ya uzazi wa mpango. Nikamwambia sindano ya miezi mitatu, ila mara mbili nimechelewa kwenda. Akaniangalia. "Kwa hiyo kila mkigusana unaogopa mimba ya nne." Sikuwa nimelisema hilo hata kwa nafsi yangu. Tulizungumza juu ya kitanzi na vipandikizi, na akanitajia kilainishi cha maji, kinachouzwa famasi, akasisitiza nisitumie mafuta ya mgando kama tunatumia kondomu kwa sababu mafuta yanaharibu mpira wake. Dakika kumi na tano, pengine pungufu. Miaka saba sikuwa nimeziomba.

Jambo la pili nililipata maktaba. Mwaka 2000 daktari wa Kanada, Rosemary Basson, aliandika makala akipinga ile picha ya kawaida kwamba hamu inakuja kwanza na mengine yanafuata. Alieleza kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio katika uhusiano wa muda mrefu, hamu mara nyingi huja baadaye. Mtu anaanza akiwa hana njaa wala hachukii, anakuwa karibu na mwenzake kwa sababu nyingine, pengine anautaka tu ukaribu wenyewe, na mwili ukiguswa vizuri bila haraka, hamu ndipo inaitikia. Niliposoma hivyo nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nasubiri hamu ije yenyewe kama zamani, iniamshe, na ilipokosa kuja nilihitimisha kwamba simpendi tena mume wangu. Nilikuwa nimeshaanza kulizoea hitimisho hilo.

Makala hiyo inaweza kutumiwa vibaya, na nataka kulisema hili mapema. Mtu anaweza kuisoma akasema: basi ianze tu, hamu itakuja. Hapana. Haisemi hivyo hata kidogo kwa mtu anayeumia, anayeogopa, au ambaye hakukubali kuanza.

Cha tatu sikukisoma popote, nilikiona nilipojichunguza siku moja tangu asubuhi. Mpaka saa mbili usiku nilikuwa nimeguswa bila kukoma: nimenyonya, yaani nimenyonywa, nimevutwa nywele, nimepandwa mgongoni, nimefutiwa kamasi kwenye sketi. Kwenye daladala nimebanwa. Ikifika usiku ngozi yangu ilikuwa imechoka kama miguu inavyochoka. Mkono wa mume wangu ulikuwa unafika kama mkono wa nane. Yeye kwa siku nzima hakuwa ameguswa na mtu yeyote. Tulikuwa tunaingia kitanda kimoja, mmoja amevimbiwa na mwingine ana njaa, kila mmoja akishangaa mwenzake ana roho gani.

*

Sasa mazungumzo yenyewe. Nitayaeleza kwa urefu kidogo, maana watu hutuambia "zungumzeni" wakaishia hapo.

Kwanza niliorodhesha tulivyokosea usiku ule wa mpangaji. Saa ilikuwa mbaya: tano usiku, kitandani, mmoja amechoka na mwingine amejaa. Mahali palikuwa pabaya, maana kitanda ndicho kinachozungumziwa, na ukilizungumza jambo hili kitandani, kila neno linasikika kama ombi la sasa hivi. Na swali lake lilikuja limevaa mavazi ya hukumu. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, akiwa na mwenzake Sybil Carrère, waliripoti mwaka 1999 kwamba dakika tatu za kwanza za mabishano ya wanandoa wapya zilitosha kuonyesha mengi juu ya ndoa zipi zingekuja kuvunjika. Sisi tulitumia sekunde sita.

Lakini chini ya swali la mpangaji kulikuwa na jambo la kweli. Alikuwa anasema: najiona mgeni. Mimi nilijibu lile vazi, sikumjibu aliyelivaa.

Jumapili moja, saa kumi jioni, nilimwomba anisindikize kwa miguu kupanda hadi barabara ya Morogoro kununua mahindi ya kuchoma. Kutoka kwetu Kimara ndani ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Watoto walibaki na dada. Nilichagua kutembea kwa makusudi: mkitembea mnaangalia mbele, hakuna anayesoma uso wa mwenzake, na kimya hakionekani kuwa kimya kwa sababu miguu inaendelea. Pia nilimwambia kabla, asubuhi, kwamba nina jambo letu nataka tulizungumze na si baya. Sikutaka aviziwe. Baadaye aliniambia alidhani nina mimba.

Sentensi ya kwanza niliifanyia mazoezi bafuni kama wasilisho. Ilikuwa hivi: "Nimekukumbuka, na ninajua nimekuwa mbali, na nataka nikueleze kilichokuwa kinanitokea." Sikuanza na "wewe." Sikutumia "kila siku" wala "hujawahi." Na sikuomba msamaha kwa kukosa hamu, maana ningeomba msamaha ningekuwa nimekubali kwamba ni kosa. Niliomba msamaha kwa ile sentensi ya kodi.

Alitembea kimya mpaka tukapita kwa fundi baiskeli. Kisha akasema: "Ile iliniuma."

"Najua."

"Hujui. Nilikaa kwenye kochi nikapiga hesabu ya miezi niliyochelewesha."

Nilitaka kujitetea. Maneno yalikuwa mdomoni: nilikuwa nimechoka, na wewe uliniita nini. Nilinyamaza, na kukaa kimya pale kulikuwa kugumu kuliko hotuba yote. Nadhani huruma katika mazungumzo haya iko zaidi hapo, katika kumwachia mwenzako aumie kidogo mbele yako bila kukimbilia kumwonyesha kidonda chako.

Kisha nikamweleza. Maziwa, ukavu, maumivu, hofu ya mimba ya nne, mikono saba kabla ya wake. Nilitumia maneno ya kawaida ya kliniki, na mara mbili tulicheka kwa aibu kama vijana wa kidato cha pili. Alipouliza "Kwa hiyo ulikuwa unaumia siku zote na hukusema?" nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, mwezi kwa mwezi, akitafuta alikokuwa ananiumiza. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kimya changu, ambacho mimi nilikiita uvumilivu, kilikuwa kimemfanya mtu mwema aniumize bila kujua. Nani alinipa haki ya kumfanyia hivyo?

Halafu akasema lake, na ndilo lililobadilisha jinsi ninavyoliona jambo hili lote. Nilidhani analalamikia tendo. Alisema: "Mimi niliacha kukushika mkono kwa sababu kila nikikushika naona unakaza. Nikasema basi, nisionekane naomba."

Na mimi nilikuwa nimeacha kumwegemea tukiangalia taarifa ya habari kwa sababu niliona nikimwegemea nitakuwa nimeahidi, na usiku utadai ahadi.

Angalia kilichotokea hapo. Yeye hakutaka kunisumbua. Mimi sikutaka kumdanganya. Kila mmoja alikuwa na adabu. Kila mguso ulikuwa umegeuka hatua ya kwanza ya safari moja tu, kwa hiyo asiyetaka safari aliacha hatua zote, na aliyeogopa kukataliwa aliacha kunyoosha mkono. Ukuta wetu ulijengwa na watu wawili wastaarabu, tofali kwa tofali, na mtoto akalazwa juu yake.

Tulifika barabarani, tukanunua mahindi manne, yakapoa mkononi.

*

Tulichokubaliana siku ile kilikuwa kidogo. Kwa wiki nne, hakuna tendo, kwa kupatana. Katika wiki hizo kila jioni, watoto wakilala, dakika kumi za kukaa karibu kwenye kochi lile lile, kushikana ruksa, na isiende popote. Sharti la kutokwenda popote ndilo lililokuwa dawa kwangu. Siku ya tatu nilimwegemea bila kupiga hesabu. Wiki ya pili nililala usingizi begani kwake, na hakuniamsha.

Haikwenda vizuri yote. Wiki ya tano, baada ya kuweka kitanzi, nilimwona amerudi kazini amenyong'onyea, na nikaamua kumpa. Natumia neno hilo makusudi. Nilikuwa sitaki wala sikatai, nilimwonea huruma. Nilijifanya. Katikati akasimama akawasha taa ya simu, akaniangalia, akauliza: "Uko hapa?" Nikasema niko. Akazima, akalala. Kesho yake aliniambia kwamba heri nimwambie leo hapana, kuliko nimfanye awe mtu anayehudumiwa. Alisema neno hilo, kuhudumiwa, kama anataja ofisi.

Nimelifikiria sana tukio hilo, maana kuna watu wenye busara watakaosema kwamba kutoa bila hamu, kwa upendo, ni sehemu ya ndoa, kama kupika ukiwa huna njaa. Siwezi kulikataa moja kwa moja. Kuna usiku mwingine nimeanza bila hamu, kwa kutaka tu kuwa naye, na ulikuwa usiku mzuri. Tofauti ninayoiona ni hii: usiku ule mzuri nilikuwa tayari nijulikane kwamba ninaanzia hapo. Nilimwambia, "Mimi bado niko mbali, tuende taratibu," na alijua anakutana na nani. Usiku wa huruma nilimficha. Kuanza bila hamu huenda ni ukarimu. Kumwigizia mtu hamu ni kumwacha peke yake huku umemkumbatia, na Kant, pamoja na lugha yake ya umiliki, alikuwa na hofu sahihi kuhusu mtu kugeuzwa kifaa. Hakunieleza tu kwamba mtu anaweza kujigeuza mwenyewe, kwa nia njema kabisa.

Neno "hapana" nalo tulilifanyia matengenezo. Zamani hapana yangu ilikuwa kupumua kwa nguvu na kugeukia ukutani. Sasa nasema: leo siwezi, kichwa kimejaa, nishike tu. Au: leo siwezi, Jumamosi asubuhi dada akiwapeleka kwa bibi. Anayekataa ndiye anayetaja siku, na anaitaja kama anaimaanisha, asipoimaanisha asitaje. Jumamosi mbili kati ya tano zimeharibika kwa homa ya mtoto. Naye amejifunza kuomba kwa maneno badala ya kupapasa gizani, jambo ambalo alisema lilimtoa jasho kuliko kuposa.

Kuna ndoa ambazo haya yote hayazihusu. Kama unaogopa atakachokufanya ukisema hapana, tatizo lako si namna ya kuanzisha mazungumzo, na ushauri wangu wa mahindi ya kuchoma unaweza kukuumiza. Unahitaji mtu wa nje na mahali salama kwanza. Na kuna mambo ambayo upole hauyatibu. Maumivu yasiyokwisha hata baada ya kilainishi ni ya daktari. Huzuni ya baada ya kuzaa, ile ya kukosa raha kwa kila kitu, chakula, mtoto, hata muziki, ni ya daktari pia, na inaweza kuvaa sura ya kumchukia mume. Wanaume nao: kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa zake hupunguza nguvu, na mwanamume anayekwepa kitanda anaweza kuwa anakwepa aibu. Namna ya kutofautisha, kwa uzoefu wangu mdogo, ni kuuliza kama tatizo liko kitandani peke yake au limeenea nyumba nzima, na kama lilikuja taratibu au lilikuja siku moja.

Sijui kama tumepona. Mdogo bado ananyonya usiku. Wa miaka minne tumemnunulia godoro, anakaa nalo mpaka saa tisa, halafu tunasikia shuka likiburutwa. Mwezi uliopita tulipitisha wiki mbili nzima tukiwa tumerudi kwenye gesi na luku, na tulipogundua tulikasirikiana kidogo nani alianza kusahau. Shangazi nilimweleza sehemu ya haya, kwa tahadhari. Alisikiliza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kama nesi yule bado yuko kliniki ile, na kama anahudumia hata watu wa umri wake.

Juzi nikiwa naandika haya sebuleni, Baba Tunu alipita akielekea kuzima jenereta la jirani lililomshinda mwenyewe. Akasimama mlangoni, akaniita. Ilinichukua muda kuitika. Nilidhani anamwita mtu mwingine, kumbe lilikuwa jina langu.